Baba hakurudi: shairi linapokatwa kwa kidole

Shangazi wa kijana mmoja mtunga mashairi alipiga simu kutoka Ahero saa moja na nusu asubuhi, analia. Alikuwa ameonyeshwa na binti yake picha moja nyeusi yenye maneno mawili meupe: "Baba hakurudi." Chini ya picha watu walikuwa wameshaandika pole, Mungu awafariji, tuko pamoja nanyi. Baba mwenyewe wakati huo alikuwa nyumbani Dunga amelala usingizi wa mtu aliyevua usiku kucha, na karai la omena lilikuwa limeanikwa nje.

Mwenye shairi ni kijana wa kundi letu dogo la ushairi, tunaokutana Jumamosi hapa Kisumu kusomeana na kukosoana. Alinijia siku hiyo ameinamisha kichwa. "Mwalimu," akaniambia, "slaidi ya pili ilikuwepo. Wangetelezesha tu kidole."

Nimelifikiria jambo hilo kwa wiki kadhaa, kwa sababu naamini kijana alikuwa na haki na shangazi naye alikuwa na haki, na kati yao wawili kuna somo la ufundi ambalo vijana wetu wanaoandika mashairi ya Instagram, mshororo mmoja kila slaidi, hawajafundishwa na mtu. Hili hapa ndilo shairi lake jinsi lilivyotoka mara ya kwanza, kila mstari ukiwa na slaidi yake:

Baba hakurudi
mikono mitupu.
Jana tulihesabu taa tano.
Leo zimerudi nne.
Mama ameinjika sufuria ile kubwa.

Baada ya hapo akaweka slaidi ya sita isiyo na neno hata moja, nyeusi tupu, kama kimya cha matanga. Ya saba ikasema: "Nifuate kwa mashairi zaidi."

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, omena huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Ukisimama ufuoni Dunga saa tatu usiku, taa zile zinafanana na mji uliojengwa juu ya maji. Mtoto wa mvuvi huzihesabu bila kuambiwa.

Tuanze na kilicho kizuri, nacho kiko mwanzoni kabisa. Kila aliyesoma Kiswahili sekondari amefundishwa kutofautisha mistari kifu na mistari mishata. Kifu hujitosheleza kimaana, lakini mshata huning'inia ukisubiri mwenzake aukamilishe. "Baba hakurudi" ni kitu cha ajabu zaidi, kwa maana ni mshata uliovaa nguo za kifu. Neno "hakurudi" limebeba kila kitu ndani yake: nafsi, ukanushi, wakati uliopita na kitendo. Halina deni la kisarufi. Msomaji anapolifikia anaamini sentensi imekwisha, na kwa watu wa ziwani sentensi hiyo ina maana moja tu. Kisha kidole kinateleza, na "mikono mitupu" inaigeuza yote. Baba amerudi, tena na kitu mkononi. Ukanushi uliokuwa umekaa juu ya kurudi kwake umehamia kwenye mikono.

Kwenye karatasi mkato huu haungefanya kazi hivyo. Jicho ni jizi. Likiwa kwenye mshororo wa kwanza limeshachungulia wa pili na wa tatu, na huzuni yote ya "hakurudi" ingedumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Slaidi huziba jicho. Kwa hilo, na nawaambia hivi wenzangu walimu wanaoona haya yote ni mapambo ya simu, slaidi inaturudisha karibu na hali ya zamani ya ushairi wetu kuliko kitabu kinavyofanya. Muyaka bin Haji alipotunga Mombasa, kati ya mwisho wa karne ya 18 na 1840 alipofariki, tungo zake zilikaa vichwani na midomoni mwa watu, na zilikusanywa kwa maandishi baada yake. Msikilizaji wa malenga hana namna ya kuchungulia mbele. Anapata ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, anangoja utao, nusu ya pili. Malenga akivuta pumzi katikati, wote wanavuta naye. Tofauti ni kwamba sasa pumzi hiyo imekabidhiwa kidole cha msomaji, na kidole hakimjui mtunzi.

Sasa tazama mistari mitatu inayofuata. "Jana tulihesabu taa tano." Nukta. "Leo zimerudi nne." Nukta. Yote ni kifu. Msomaji anayefika mwisho wa slaidi ya tatu hana anachokisubiri. Akiendelea, anaendelea kwa adabu tu. Hapa ndipo mashairi mengi ya slaidi yanapokufa, na dalili yake huhitaji kuitafuta kwenye takwimu. Mpe mtu simu, kaa kando yake, usiseme neno, utazame kidole gumba. Nilifanya hivyo na watu wanne, mmoja wao mama anayeuza samaki Kibuye. Wote walisimama kwenye slaidi ya kwanza, wakaharakisha kwenda ya pili, mmoja akarudi nyuma kuisoma tena ya kwanza. Kuanzia ya tatu vidole vyao vilikuwa vinapangusa kwa mwendo mmoja, kama mtu anayefuta meza. Mkato usio na deni si mkato. Ni kugawa sentensi kwenye vyumba tu.

Nilimwonyesha kijana kitu ambacho Kiswahili kinakitoa bure na lugha nyingine nyingi lazima zikitafute, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Andika "Zimerudi" peke yake kwenye slaidi. Hakuna nomino, lakini kuna kiambishi zi-. Msomaji anajua kwamba vilivyorudi ni vya ngeli ya I-ZI au U-ZI, na hajui ni vipi. Taa? Mashua? Zote mbili zinakubali zi-. Habari nazo zinakubali. Ungeandika "Yamerudi", angewaza maji, au magugu yale yanayoziba ghuba yetu. "Amerudi" ingefungua mlango mwingine kabisa. Kwa hiyo kitenzi kikitangulia peke yake, msomaji anapewa umbo la kitu bila kitu chenyewe, na akili yake inaanza kukitafuta kabla kidole hakijasogea. Deni la aina hii ni jepesi. Halimdanganyi mtu, halimtishi, na bado linamvuta.

Halafu "nne" peke yake kwenye slaidi inayofuata. Nambari hiyo haibadiliki kwa taa wala kwa mashua. Msomaji alianza na taa usiku. Alfajiri, bila mtunzi kusema lolote, anaona mashua. Mwenzetu mmoja kundini, mtoto wa mvuvi wa Usenge, alipinga vikali hapo. Mashua moja ya omena hubeba taa kadhaa na kuzitega majini juu ya maboya, akasema, sasa utahesabuje taa upate mashua? Mwenye shairi akajibu kwamba mama yake huhesabu jioni, wakati mashua zinatoka na kila moja imewasha taa moja puani. Sikuwa nalijua hilo. Liliniridhisha, ingawa yule wa Usenge hakuridhika, na akataka neno "usiku", tulilokuwa tumeliongeza kwenye mshororo wa taa, litoke. Tukaliacha, kwa sababu "jioni" ingeondoa giza, na bila giza hakuna mji juu ya maji.

Tatizo gumu lilikuwa lile la shangazi. Kijana aliishikilia slaidi yake ya kwanza kama mtu anayeshikilia shamba la babu. Ndiyo iliyo kali kuliko zote, akasema, nani anaficha kali katikati? Nilimjibu kwamba slaidi ya kwanza haikai na wenzake. Ndiyo inayoonekana kwenye ukurasa wako mtu anapopitia picha zako zote. Ndiyo watu wanayoipiga skrinshoti. Ukurasa mmoja wa habari za mtaani uliichukua hiyo peke yake na kuiweka kwa wafuasi wake, na hapo ndipo binti wa Ahero alipoiona. Mstari ambao ukweli wake unategemea mwenzake, ukisafiri peke yake, ni uongo. Na huu haukuwa uongo wa kishairi. Wavuvi wetu wanazama kweli, na "hakurudi" ni neno ambalo familia nyingi za ufuoni zimewahi kulipokea.

Yeye alidai kwamba mtunzi hawezi kulaumiwa kwa mkasi wa mtu mwingine. Nakubali kwamba lawama kubwa ni ya aliyekata. Lakini mtunzi aliyechagua chombo hiki anajua jinsi kinavyokatwa, kama fundi wa paa anavyojua mvua ya Kisumu huja na upepo.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Instagram ikikuonyesha posti ya slaidi nyingi ukaipita bila kutelezesha, mara nyingi hukuletea tena baadaye, na safari hiyo hukuonyesha slaidi ya pili. Kwa picha za harusi hilo ni wema. Kwa shairi, maana yake ni kwamba baadhi ya wasomaji wako wataanzia mshororo wa pili. Katika toleo la kwanza la kijana wetu, watu hao walikutana na "mikono mitupu." Maneno mawili, nukta, hayana kichwa wala miguu. Ukitaka kujua kama shairi lako la slaidi limekaa sawa, funika ya kwanza kwa kiganja uisome ya pili. Si lazima ieleweke yote, ila lazima iwe na picha ya kumsimamisha mtu na sababu ya kumrudisha nyuma kutazama kilichotangulia.

Tulikaa na hayo saa nzima na zaidi, chai ikapoa. Mwishowe shairi likawa hivi:

Jana usiku tulihesabu taa
tano ziwani, kama mji mdogo.
Baba hakurudi
mikono mitupu.
Zimerudi
nne.
Mama ameinjika sufuria
ile kubwa.

Slaidi nane. Nafasi haikuwa shida. Instagram ilipoanzisha posti za namna hii Februari 2017 iliruhusu picha 10, na Agosti 2024 ikaongeza hadi 20. Shida ya siku hizi ni kinyume chake, watu hujaza kwa sababu nafasi ipo.

Hesabu mizani uone kilichotokea. Slaidi mbili za mwanzo zina 12 kila moja. Mbili zinazofuata zina sita sita. "Zimerudi" ina nne, "nne" ina mbili, kwani n ya mwanzo ni silabi kamili. Mistari inapungua kama pumzi ya mtu anayekaribia habari mbaya. Kisha ghafla "Mama ameinjika sufuria" inapanda hadi 11, na kidole kilichokuwa kimezoea neno moja moja kinalazimika kutulia. Huu ndio mwendo ninaouzungumzia. Huwezi kumwambia msomaji angoje sekunde tatu. Unaweza tu kumpa mstari unaohitaji sekunde tatu, baada ya kumzoeza mistari ya sekunde moja. Kijana alikuwa ametaka kulazimisha kituo kwa ile slaidi nyeusi isiyo na kitu. Niliijaribu kwenye mtandao dhaifu, kwenye matatu kati ya Kondele na mjini, na mama aliyeketi karibu nami akaniambia kwa upole, "Baba, picha yako imekataa kufunguka." Kimya kwenye karatasi kinaonekana ni kimya. Kwenye simu kinaonekana ni bando limeisha. Kama lazima pawe na slaidi ya kimya, iwe na kitu kinachothibitisha kwamba imefika: nukta ndogo pale ambapo maneno yamekuwa yakikaa.

Na maneno yakae mahali pamoja. Hili ni dogo lakini nimeliona likiharibu kazi nzuri. Turubai yetu ni pikseli 1080 kwa upana na 1350 kwa urefu. Mstari ukiwa juu kwenye slaidi moja, katikati kwenye ya pili na chini kwenye ya tatu, jicho linaanza kuwinda maneno, na uwindaji huo unakula mwendo uliopanga. Tuliweka mistari yote kwenye usawa mmoja, ukiondoa "nne", iliyoshushwa kidogo. Sikuwa na hakika nayo. Bado sina.

Mwisho ulikuwa rahisi kurekebisha na mgumu kukubalika. Msomaji huona nambari pembeni mwa picha, 6/7, 7/7. Anajua ni ngapi zimebaki kama anavyojua kurasa za mwisho za kitabu kwa wembamba wake. Toleo la kwanza liliweka mstari wake mzito kwenye 5/7, kwa hiyo alipoiona sufuria aliamini jibu linakuja. Akapata giza, kisha akaombwa amfuate mtu. Nilimwambia kijana kwamba nambari ya mwisho ni mali ya shairi. Jina lake likae chini ya posti, kwenye maelezo. Sasa "ile kubwa" imekaa kwenye 8/8. Msomaji anateleza, hakuna kitu, kidole kinagonga ukuta, na analazimika kukaa na sufuria. Hapa kwetu hakuna mtu mzima asiyejua sufuria ile kubwa hutolewa lini. "Ile" inamwambia kwamba anaijua. Angeongeza "ya matanga", ningeacha kusoma.

Kama ubeti wa tarbia ungefaa kukatwa hivi ni swali ninaloulizwa sana. Ukwapi wa mizani minane unakaa vizuri kwenye slaidi, na utao wake kwenye nyingine, kwa hiyo ubeti mmoja unatoa slaidi nane. Ila mishororo ya tarbia kwa kawaida ni kifu, na vina hupoa vikitenganishwa na kidole, maana sikio linaisahau sauti kabla mwenzake hajafika. Nimeona tarbia moja tu iliyofaulu, na mtunzi wake alikuwa ameweka sauti yake mwenyewe akiighani. Hapo sikio lilikuwa na kazi.

Nje ya Instagram mambo huvurugika haraka. Kijana alituma slaidi zake zote nane kwa mpigo kwenye kundi la WhatsApp la familia, na simu ikazipanga kama dirisha la vioo vinne, nyingine zikafichwa nyuma ya alama ya kujumlisha. "Baba hakurudi" na "mikono mitupu" zikaonekana pamoja kwa jicho moja, na mkato wote ukafa. Kwenye stetasi kasoro ni nyingine. Picha hujiendesha zenyewe, kila moja kwa muda uleule, hivyo "nne" inapewa muda sawa na mstari wa mizani 12. Huko ni afadhali kutuma shairi zima kwenye picha moja, kwa mishororo iliyopangwa vizuri, na kukubali kwamba hilo ni shairi jingine lenye maneno yaleyale. Yeye hakukubali. Alizituma upya, moja moja, akingoja kati ya moja na nyingine, kama malenga.

Shangazi alizipokea zote nane. Alipiga simu tena jioni ile, na safari hii hakulia. Aliuliza swali moja tu: mashua ya tano ilikuwa ya nani.